Simu ikizima siku saba mlimani, mkopo unagoma: niliyoongea na wagumu na kina mama wa vikoba, Moshi

(Haya niliyaongea Jumamosi pale ukumbini, sio mbali na soko la Mbuyuni. Wengi mliniomba niyaandike, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa tu utani wa mwenyekiti.)

Shikamooni wazazi wangu, na vijana mambo vipi. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa, hapo hapo akanong'ona kwamba chakula kimeshaiva, kwa hiyo mnielewe nikikimbia sehemu fulani fulani.

Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye kampuni inayokopesha watu kwa simu, jina silitaji. Kazi yangu ilikuwa na wale wanaotengeneza mtambo unaoamua nani apewe na nani anyimwe. Sio yule dada wa huduma kwa wateja anayekwambia samahani hujakidhi vigezo, yule masikini vigezo vyenyewe hajawahi kuviona, anasoma tu kilichoandikwa kwenye kioo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kile kioo.

Sasa leo nataka tumuongelee mtu mmoja tu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mgumu, anawabebea mizigo wapanda mlima Kilimanjaro kutoka geti la Machame mpaka kambi ya juu na kurudi, na wagumu mliokaa nyuma pale mnanielewa vizuri kuliko mimi. Kijana hajawahi kudhulumu mtu. Daftari la mangi pale dukani kwao jina lake lipo kila mwezi na kila mwezi linafutwa. Mwaka juzi akaomba mkopo wa simu wa shilingi elfu 50 anunue buti, za zamani zilikuwa zimeachia soli, akakataliwa. Akaomba tena baada ya wiki mbili, akakataliwa. Mama mmoja jirani yake anauza ndizi Kiboriloni, hajui hata kusoma meseji vizuri, kila siku anaomba mjukuu amsomee, yeye limiti yake ilikuwa inapanda tu. Dogo akanipigia akaniuliza kaka, hii mashine yenu inanichukia nini.

Na mimi nilikuwa najua jibu, na jibu lenyewe lilinikera.

Tuanze na yule mama wa ndizi kwanza kwa sababu hapo ndipo hii kitu inapofanya kazi kweli na mimi sitaki mtu atoke hapa akisema nimekuja kuponda mikopo ya simu. Huyu mama akienda benki ataulizwa hati, dhamana, barua ya mwajiri, hana hata kimoja. Lakini tuseme benki ina roho nzuri, inataka kumkopesha elfu 40 ya mzigo wa ndizi. Afisa mikopo apande boda mpaka Kiboriloni, aangalie meza yake, aongee na majirani, arudi aandike ripoti, hiyo nauli na muda wake tu ni pesa nyingi kuliko riba yote ya hiyo elfu 40. Benki haimchukii huyo mama, ila hesabu haitoki. Ndio maana miaka yote mtu mdogo alikuwa anaishia kwenye kikoba au kwa mtu mwenye daftari na roho ngumu.

Simu ikabadilisha hapo tu, kwenye gharama ya kumjua mtu. Kenya walianza mikopo ya simu ya M-Shwari mwaka 2012, sisi mwaka 2014 tukapata M-Pawa, wote wanajua mlivyoipokea. Taarifa zako zipo tayari kwenye mtandao: laini ina umri gani, unaweka vocha mara ngapi na ya bei gani, pesa inaingia kutoka kwa watu wangapi, inakaa siku ngapi kabla hujaitoa, ulishawahi kukopa salio la kupiga ukalirudisha lini. Kumpima mtu mmoja zaidi hakuna gharama ya maana. Mama anabonyeza nyota na reli saa kumi na moja alfajiri, mzigo umeshashushwa, anapata elfu 40 kabla gari halijaondoka, jioni anarudisha. Hana akaunti ya benki, hajajaza fomu, hajampigia mtu magoti. Hiyo ni faida ya kweli.

Na kwa nini mtambo unampenda? Kwa sababu yeye anaonekana. Kila siku pesa inaingia kidogo kidogo kutoka kwa wateja, kila siku inatoka, vocha ya mia tano kila asubuhi, laini ile ile tangu enzi hizo. Maisha yake yote ya biashara yanapita kwenye simu.

Mtambo wenyewe sio uchawi. Mnachukua watu wote mliowahi kuwakopesha, mnawagawa makundi mawili, waliolipa na wale ambao siku tisini zimepita kimya. Halafu kompyuta inaangalia nyuma, kabla hawajakopa simu zao zilikuwaje, tofauti iko wapi. Inatoa uzito kwa kila tabia. Mtu mpya akija inajumlisha zile tabia zake na kusema, watu wanaofanana na huyu mia moja, kadhaa hawatalipa. Basi. Haisemi wewe ni mwizi, haikujui wewe, inajua wanaofanana na wewe. Na inasaidia kweli: kuna watafiti, Björkegren na Grissen, walifanya hii kitu kwa kumbukumbu za simu za wakopaji kwenye nchi moja huko Amerika, wakawapanga watu makundi matano kwa hatari, kundi la juu kabisa likawa na uwezekano wa kutolipa mara 2.8 ya kundi la chini. Kumbukumbu za simu tu hizo. Kwa hiyo anayesema simu haiwezi kumjua mkopaji anadanganya, inaweza, swali ni inamjua nani na nani inampita.

Sasa dogo. Ngoja niwapitishe kwenye mfano, namba nimezitunga mimi ili tuelewane, ila mwendo wenyewe ndio huo. Mtambo unaanza na mtu wa kawaida, tuseme watu 6 kati ya 100 hawalipi. Unaangalia laini ya dogo, miaka sita, namba ile ile, vizuri, anashuka mpaka 5. Unaangalia pesa zinazoingia: mwezi huu laki mbili kwa mpigo, kisha wiki tatu hakuna kitu, kwa sababu mnajua nyie, mshahara unalipwa mkirudi na tipu mnapewa mkononi, noti, hazipiti kwenye simu hata kidogo. Mtambo hauoni noti. Anapanda mpaka 8. Halafu unaangalia siku za kimya. Mara mbili kwa mwezi simu inapotea siku sita, siku saba, haipigi, haipigiwi, haiweki vocha, haisogei kwenye mnara wowote. Anapanda mpaka 12.

Hapo kwenye kimya ndipo nataka tukae.

Mtu wa kawaida wa Sinza au Mwanza au Ngarenaro pale Arusha simu yake ikikaa kimya siku saba inamaanisha nini? Mara nyingi ametupa laini. Amekopa huku na huku, anapigiwa sana, ananunua laini nyingine anaanza upya. Kompyuta iliona hilo kwa watu wengi mno, ikajifunza kimya ni dalili mbaya, na kwa wastani iko sahihi kabisa, sina ugomvi nayo. Ila mgumu hajatupa laini. Mgumu yuko kambi ya Shira, yuko kambi ya Barranco, ana kilo ishirini za watu kichwani, simu ameizima anatunza chaji au mtandao haushiki mpaka apande kwenye jiwe fulani, mnayajua mawe yenyewe. Kati ya mamilioni ya laini, nyie wagumu ni wachache sana, mtambo hauwezi kuwatengea ukurasa wenu, unawaweka kapu moja na waliokimbia madeni.

Na ubaya unaongezeka hata kwa yule aliyebahatika kupewa. Mkopo wa siku kumi na nne, ameuchukua Jumatano, Jumapili kapanda, kashuka Jumamosi inayofuata kachoka, mishahara haijatoka, siku ya kulipa inapita au inamkuta na shilingi mia tisa kwenye simu. Analipa siku ya kumi na saba, na faini juu. Kwenye kumbukumbu ameandikwa mchelewaji. Mimi niliwahi kukaa usiku mmoja nikachomoa laini zilizopotea karibu na mageti ya Machame na Marangu zikarudi baada ya siku tano mpaka nane, zaidi ya mara tatu kwa msimu, nikaangalia mikopo yao. Walichelewa, kweli walichelewa, lakini wengi sana walilipa, na siku waliyolipa ilikuwa ni siku mbili tatu baada ya simu kuwaka. Nikabaki nimeangalia kioo.

Kuna kingine hapo hapo. Wakopeshaji wengi wanakata deni moja kwa moja pesa ikiingia. Sasa mtu akishakatwa mara moja pesa ambayo alikuwa ametumiwa ya ada ya mtoto, anajifunza. Kuanzia siku hiyo hela ikiingia tu anakimbia kwa wakala kuitoa yote, au anamwambia mtu nitumie kwenye laini ya mke wangu. Ni akili ya kawaida. Lakini mtambo unaona salio sifuri kila jioni, na salio sifuri ni alama mbaya, kwa hiyo ile namba yake ya hatari inapanda zaidi. Yaani kinga yenyewe aliyojiwekea inamchafua. Nimeona hili kwa watu wengi sana, madereva wa boda hasa.

Haya, dogo ana 12 kati ya 100. Kwa nini anyimwe? Nisikilizeni kidogo kwa sababu hii hesabu hawawaambiagi, na ni ya darasa la saba.

Chukua wakopaji mia, kila mmoja elfu 50, ada ya mkopo asilimia kumi, yaani elfu 5. Wakishindwa kulipa 9, wale 91 waliolipa wameleta ada ya laki nne na elfu hamsini na tano, na wale tisa wameondoka na laki nne na nusu. Kampuni imebaki na elfu 5, yaani imetoka sare. Wakishindwa 12, wale 88 wameleta laki nne na arobaini, wale kumi na mbili wamekula laki sita. Kampuni imepoteza laki moja na sitini. Kwa hiyo mstari unachorwa pale kwenye 9. Bado sijaweka mshahara wa mtu wala umeme wa kompyuta, mstari wa kweli uko chini ya hapo.

Mmeona kitu lakini? Kati ya wale mia walionyimwa kama dogo, 88 wangelipa. Themanini na nane! Watu wanafikiri anayenyimwa ni mdanganyifu. Hapana, mtu mmoja akila mkopo inabidi watu kumi walipe ndio pengo lizibe, kwa hiyo ukiwa kwenye kundi ambalo moja kati ya nane analeta shida mnafungiwa mlango wote. Dogo hakunyimwa kwa sababu mtambo uliamini hatalipa. Mtambo uliamini atalipa! Ila haukuamini vya kutosha kwa ada ile.

Na hapo hapo ndipo kausha damu anapoingilia. Yeye anachukua watu wale wale mia, ada asilimia ishirini. Wale 88 wanamletea laki nane na themanini, wale kumi na mbili wanamlia laki sita, anabaki na laki mbili na themanini mfukoni. Biashara nzuri. Kwa hiyo kijana akinyimwa kule kwenye ada ya kumi haendi kulala, buti anazihitaji, anaenda kwenye apu ya ishirini au kwa yule jamaa anayeshika kadi ya benki ya mtu na namba ya siri. Ukikataliwa huku bei inapanda kule, na anayeilipa ni yule mlipaji mzuri aliyewekwa kapu moja na wabaya. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, na nyingine mnazikumbuka, zile zilikuwa zinachukua namba zote kwenye simu yako halafu ukichelewa shemeji yako anapigiwa, mchungaji anapigiwa. Google wenyewe toka mwaka 2023 wamezikataza apu za mikopo kwenye duka lao kusoma namba na picha za mtu. Ikikuomba namba za watu wako kabla haijakupa hata senti, ifute, hiyo haikupimi uwezo, inatafuta wa kumuaibisha.

Sitaki pia nionekane nasema wakopeshaji wangefungua mlango wazi. Walishafungua. Kuna uchambuzi wa taasisi ya CGAP wa mikopo ya simu zaidi ya milioni 20 ya hapa hapa Tanzania, asilimia 17 ya mikopo haikulipwa. Kumi na saba! Rudini kwenye hesabu yetu muone hiyo ni balaa kiasi gani, kwa kampuni na kwa yule mtu ambaye sasa jina lake limechafuka kwa mkopo wa elfu kumi ambao labda hakuuhitaji, aliutumiwa meseji tu kwamba umepata na yeye akabonyeza moja. Kumpa mtu asiyeweza kulipa nako ni kumfungia mlango, ila unafungwa miezi mitatu baadaye.

Kina mama, msinielewe vibaya, nimewasifu mwanzoni lakini na nyie kuna mahali mnapigwa. Mama wa ndizi ana laini yake na jina lake. Je wangapi hapa mnatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au mtoto? (Mikono ilinyooshwa mingi, nikaacha kuhesabu.) Kumbukeni ule usajili wa alama za vidole, mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020, wengi hamkuwa na namba ya NIDA, mkaazima kidole cha mtu. Sasa miaka yote hiyo unauza, unapokea, unalipa, historia yote inajengwa kwa jina la mwenye kidole. Ukija kuchukua laini yako mwenyewe leo wewe ni mtoto mchanga, laini ina wiki mbili, na umri wa laini ni moja ya vitu vyenye uzito mkubwa.

Pale kazini mtu mmoja akasema suluhisho ni rahisi, tuondoe jinsia kwenye mtambo, usijue nani mwanamke nani mwanaume, hautabagua. Tukaondoa. Hakuna kilichobadilika. Mtambo hauhitaji kuambiwa, vocha ndogo ndogo, watu wachache wanaokupigia, simu inayolala mapema, hizo zote zinabeba habari ile ile kwa mlango wa nyuma. Tena ukiificha jinsia huwezi hata kukagua kama unaonea.

Namna ya kukagua ni nyingine. Unachukua waliopewa, wenye alama sawa kabisa, wanawake upande huu, wanaume upande huu, unaangalia nani alilipa. Kama alama ni sawa lakini wanawake wanalipa vizuri zaidi, maana yake mtambo uliwakadiria chini ya uwezo wao, waliopita pale mlangoni ilibidi wawe wazuri kupita kiasi, na nje ya mlango wapo wengine wazuri waliobaki. Hata kwenye kikoba unaweza kufanya: mkiona wale mliowabania sana hawajawahi kuchelewa hata mmoja, mmebania mno. Ila kampuni nyingi zinaangalia kitu kimoja, madeni mabaya yameshuka au yamepanda, na madeni mabaya hayawezi kukuonyesha mtu mzuri uliyemkataa. Huyo hana rekodi. Hakukopa, kwa hiyo hakulipa, kwa hiyo mtambo mwakani ukifundishwa upya yeye hayupo tena darasani.

Nilijaribu kulisema hilo kwa bosi wangu kwa lugha yake, ya pesa. Nikamwambia tuchukue watu 200 wa aina hii waliokataliwa, tuwape elfu 5 tu kila mmoja, jumla milioni moja. Tuseme mtambo uko sahihi, 24 wanakula, tunapoteza laki moja na elfu ishirini, 176 wanalipa na ada ya mia tano tano, elfu themanini na nane. Tumepoteza elfu 32. Elfu 32 kujua kama tunawakataa watu bure, chai ya kikao kile ilikuwa imezidi hapo. Na nikapendekeza kimya kisipimwe kavu kavu, kipimwe kwa ratiba ya mtu mwenyewe: anayepotea siku saba na kurudi, akapotea na kurudi, msimu mzima, huyo ana utaratibu kuliko hata anayeonekana kila siku, wa kuogopa ni yule aliyekuwa haonekani kupotea halafu ghafla akapotea. Na muda wa kulipa uwe siku thelathini kwa watu hao badala ya kumi na nne. Bosi akasema wazo zuri, tutalitazama robo ijayo. Nimeondoka robo kadhaa zimepita, sijasikia limetazamwa.

Kwa hiyo dogo tulifanya nini. Kwanza nikamwambia asiombe tena kwa miezi miwili, kuna mitambo inahesabu maombi mengi ya karibu karibu kama dalili ya mtu aliyebanwa. Pili tukaenda kuangalia taarifa yake ya mikopo. Hapa nchini kuna kampuni zinazotunza hizo taarifa kwa leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, mtu una haki ya kuomba ya kwako na kupinga kilichokosewa. Tukakuta hakuna deni, ni kuchelewa kuwili kwa mkopo mdogo wa zamani, ile ya mlimani. Tatu, kila akishuka na tipu yake, badala ya kwenda nayo yote mfukoni anaiweka kwa wakala hata nusu, inakaa siku tatu nne, analipia umeme na king'amuzi humo humo. Sio kuigiza, pesa ni yake kweli, ila sasa inaonekana. Na kama ana mkopo anaulipa kabla hajapanda, hata kama tarehe bado.

Nne tukaandika barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na ndani yake kuna kipengele wengi hawakijui, kwamba uamuzi mzito juu yako ukifanywa na mashine peke yake unaweza kudai usiishie hapo, mtu auangalie. Tukaandika kwa kifupi, naomba kujua taarifa zangu mlizotumia, na naomba ombi langu lipitiwe na mtu, kazi yangu ni mgumu, simu huzimika nikiwa mlimani, nimeambatanisha kitambulisho cha kazi. Nisiwadanganye, jibu lilichukua wiki tano na lilikuwa la kunakili na kubandika, vigezo vyetu ni siri ya biashara. Msipoacha hapo mnaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Dogo hakutaka kwenda mbali huko, msimu ulikuwa umeanza. Mkopo alikuja kupewa mwezi wa nane, elfu 20. Buti alishanunua kwa pesa ya kikoba.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna kijana aliuliza swali ngoja nilimalize: je, kama nina laini mbili, nikizungusha elfu 30 yangu kutoka hii kwenda hii kila siku, si nitaonekana nina mzunguko?

Utaonekana siku za kwanza, ndiyo, watu wamefanya na limiti zikapanda. Ila kila ukituma unakatwa, piga hesabu ya mwezi mzima uone umelipa makato kiasi gani ili ukope elfu 20. Na laini mbili zinazotumiana pesa ile ile kila jioni bila mtu wa tatu, hiyo ndio ilikuwa kazi yangu ya Jumatatu asubuhi, kuzitafuta. Zinaonekana kama mlima Kilimanjaro siku isiyo na mawingu.